Kukadiria stoki ya duka kwa bei ya rejareja: mwongozo kamili, kutoka lebo ya rafuni hadi thamani ya mwisho

Majedwali ninayoletewa na wenye maduka na makarani wao wa hesabu huwa na kosa lilelile. Kujumlisha kumefanywa sawasawa na asilimia imetafutwa vizuri, lakini stoki inayosomeka mwishoni haiko dukani. Mara nyingi huwa ni kubwa kuliko ile iliyoko rafuni, na mwenye duka huanza kuwashuku vijana wake wa mauzo. Ukichunguza, unakuta shida imeanzia kwenye mabadiliko ya bei: ama hayakuandikwa, ama yaliandikwa upande usio wake.

Njia yenyewe ni hii: unajumlisha mali yote kwa bei za lebo, unatoa kilichotoka dukani, kisha unageuza kilichobaki kuwa gharama kwa asilimia moja. Mwongozo huu unafuata kitengo kimoja cha duka la viatu huko Eastleigh, kuanzia Januari hadi Machi. Tarakimu nimezitunga zigawanyike kirahisi, lakini mpangilio ni ule unaoukuta katika duka lolote la rejareja.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usifungue jedwali kabla hujavipata hivi:

- Stoki ya kuanzia kwa gharama na kwa bei ya kuuzia. Ukiwa na moja tu kati ya hizo mbili, njia hii haianzi.
- Ankara zote za wasambazaji za kipindi hicho, na kando ya kila ankara bei ya kwanza uliyobandika kwenye lebo.
- Risiti za usafirishaji wa mzigo kuingia dukani, na hati za mali uliyomrudishia msambazaji.
- Daftari la mabadiliko ya bei: tarehe, aina ya kiatu, idadi ya jozi, bei ya zamani, bei mpya.
- Mauzo ya kipindi, yaani ya pesa taslimu na ya Lipa na M-Pesa, pamoja na viatu ambavyo wateja walirudisha.
- Orodha ya punguzo alilopewa mteja mmoja mmoja alipopatana bei, na ya punguzo la wafanyakazi.

Hiyo orodha ya mwisho ndiyo inayokosekana karibu kila mahali. Kama huna, anza kuiandika leo, na ukubali kwamba makadirio ya kipindi hiki yatakuwa na tundu.

Jambo jingine la kuamua mapema ni vitengo. Njia hii hutumia asilimia moja kwa kila kitu kilichomo ndani ya kundi, kwa hiyo kundi liwe la bidhaa zenye faida inayokaribiana. Tuseme viatu vya shule hukugharimu 75% ya bei ya kuuzia, na viatu vya kike vya sherehe 50%. Ukivichanganya upate 62%, halafu Machi ibaki rafuni mali ya viatu vya shule yenye lebo za shilingi 400,000, utaithamini 248,000 wakati gharama yake ni 300,000. Shilingi 52,000 zimetoweka bila mtu kugusa kiatu. Mfano wetu basi ni wa kitengo kimoja tu: viatu vya ngozi vya kuvaa kazini.

## Hatua ya 1: Toa kodi kwenye bei za lebo

Bei iliyo kwenye lebo Nairobi huwa tayari ina kodi ya ongezeko la thamani ya 16%. Gharama yako, kama umesajiliwa kwa kodi hiyo KRA, huandikwa bila kodi, kwa kuwa ile uliyolipa kwenye manunuzi unaidai. Ukilinganisha gharama isiyo na kodi na bei yenye kodi, asilimia itashuka, na ukiizidisha kwa stoki isiyo na kodi, stoki yako itathaminiwa chini.

Gawanya kila bei ya lebo kwa 1.16. Kiatu cha lebo ya 2,320 kinaingia kwenye jedwali kama 2,000. Fanya hivyo kwa stoki ya kuanzia, manunuzi, mabadiliko ya bei, mauzo na punguzo zote. Kosa baya kuliko yote hapa ni kuchanganya: lebo zenye kodi, mauzo bila kodi. Hapo stoki ya mwisho huvimba kwa kodi ya kila kiatu ulichouza.

Kama hujasajiliwa, hali hugeuka. Kodi uliyomlipa msambazaji huwezi kuidai, kwa hiyo ni sehemu ya gharama yako, na bei ya lebo yote ni yako. Usigawanye chochote.

Utajua hatua hii imekaa sawa ukichukua kiatu kimoja ulichonunua hivi karibuni, ukagawanya gharama yake kwa bei ya lebo isiyo na kodi, ukapata asilimia inayofanana na ile uliyokusudia ulipopanga bei.

## Hatua ya 2: Pasua mabadiliko ya bei katika mafungu manne

Kila kitu huanza na bei ya kwanza uliyobandika kiatu kilipoingia. Faida iliyomo ndani ya bei hiyo si nyongeza. Nyongeza huanza pale unapopanda juu ya bei ya kwanza, na punguzo huanza pale unaposhuka chini yake. Katikati kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyaruka, nayo ni kufuta nyongeza na kufuta punguzo.

Chukua kiatu kilichonunuliwa 1,200 na kubandikwa 2,000. Februari msambazaji akapandisha bei, nawe ukakipandisha hadi 2,300. Machi hakikutoka, ukakishusha hadi 1,800. Karani wa haraka ataandika punguzo la 500. Si kweli. Shilingi 300 za kwanza zimekurudisha kwenye bei ya mwanzo, kwa hiyo ni kufuta nyongeza. Zilizobaki 200 ndizo punguzo.

Upande wa pili ni hivyohivyo. Kiatu cha 2,000 kilishushwa hadi 1,700, kisha kikapandishwa hadi 2,100. Hapo 300 ni kufuta punguzo, na 100 ni nyongeza.

Kugawanya huku kuna maana kwa sababu nyongeza huingia kwenye asilimia na punguzo haliingii. Ukiziita 500 zote punguzo, zile 300 za nyongeza zitabaki juu zikishusha asilimia yako kwa bei ambayo hakuna mteja aliyewahi kuilipa.

Hakikisha pia kwamba unahesabu jozi zilizoguswa tu. Ukishusha bei leo na una jozi 14 rafuni, punguzo ni la jozi 14, si la 30 ulizonunua. Zile 16 zilishauzwa kwa bei ya zamani.

Katika mfano wetu daftari limetoa hivi: nyongeza 110,000, nyongeza zilizofutwa 20,000, punguzo 170,000, punguzo zilizofutwa 30,000. Kwa hiyo nyongeza halisi ni 90,000 na punguzo halisi ni 140,000. Daftari likiwa sawa, utaweza kuchukua kiatu chochote rafuni, ukaanza na bei yake ya kwanza, ukajumlisha na kutoa mafungu yake, na ukafika kwenye bei iliyo kwenye lebo hivi sasa. Jaribu viatu vitano. Kimoja kikigoma, rudi kwenye daftari kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 3: Jaza safu mbili mpaka kwenye mstari

Sasa weka gharama kushoto na bei ya kuuzia kulia. Mstari ninaousema ni ule wa Jumla.

| | Gharama | Bei ya kuuzia |
|---|---|---|
| Stoki ya kuanzia | 480,000 | 800,000 |
| Manunuzi | 1,232,000 | 1,960,000 |
| Usafirishaji wa kuingia | 54,000 | |
| Mali iliyorudishwa kwa msambazaji | (30,000) | (50,000) |
| Nyongeza halisi | | 90,000 |
| Jumla | 1,736,000 | 2,800,000 |

Usafirishaji kutoka Mombasa umeingia upande wa gharama peke yake. Hauna safu ya pili kwa sababu ulipopanga bei ya lebo ulishauweka ndani. Punguzo ambalo msambazaji amekupa kwa kulipa mapema nalo hupunguza gharama tu.

Nyongeza iko kulia tu, kwa kuwa kupandisha lebo hakubadilishi ulichomlipa msambazaji.

Onyo moja kuhusu hasara isiyo ya kawaida. Moto ukipita, kama soko la Gikomba lilivyokumbwa mara kadhaa, au duka likivunjwa usiku, ondoa mali iliyopotea kwenye safu zote mbili hapa juu, kabla ya mstari. Hasara hiyo ina akaunti yake. Ukiiacha ndani, itajificha kwenye gharama ya mauzo, na faida ya kitengo itaonekana imeoza bila sababu. Kitengo chetu hakikupata balaa hiyo.

## Hatua ya 4: Tafuta asilimia ya gharama

Gawanya 1,736,000 kwa 2,800,000. Unapata 0.62, yaani kila shilingi ya bei ya lebo imebeba senti 62 za gharama.

Angalia kwamba punguzo la 140,000 halijagusa hesabu hii. Hapa ndipo ubishi mwingi ulipo, na hoja ya wanaobisha si ya kipuuzi. Wanauliza: kama nyongeza ni mabadiliko ya bei na punguzo pia ni mabadiliko ya bei, kwa nini moja liingie na lingine libaki nje?

Jibu linaonekana kwa jozi mbili. Kila moja imegharimu 600 na imebandikwa 1,000. Moja ukaishusha hadi 800 ikauzwa. Rafuni imebaki moja ya 1,000, na tunajua kabisa gharama yake ni 600. Ukiacha punguzo nje, asilimia ni 1,200 kwa 2,000, yaani 60%, na stoki ni 600. Umepatia. Ukiingiza punguzo, asilimia inakuwa 1,200 kwa 1,800, karibu 67%, na kiatu kilichobaki kinathaminiwa 667. Kiatu kilichogharimu 600 sasa kimepanda thamani kwa sababu mwenzake aliuzwa kwa bei ya chini.

Sasa geuza. Jozi ya 1,000 ndiyo iliyouzwa, na ile ya 800 imebaki. Ukiacha punguzo nje, stoki inakuwa 60% ya 800, yaani 480, chini ya gharama ya 600. Ukiliingiza, inakuwa karibu 533. Njia hii basi inavuta chini thamani ya mali iliyoshushwa bei, kwa kiasi cha kuiachia faida ileile ya kawaida itakapouzwa. Ni tahadhari, na kwa hesabu za kila mwezi mimi naiona ni tahadhari nzuri, maana kiatu kilichoshushwa bei mara moja mara nyingi hushushwa tena. Lakini kwa hesabu za mwisho wa mwaka tahadhari hiyo inaweza kuzidi, na ndiyo maana kuna Hatua ya 8.

Kwa kitengo chetu, ukiingiza punguzo asilimia itakuwa 1,736,000 kwa 2,660,000, sawa na 65.26%. Iandike pembeni. Tutailinganisha.

Dalili kwamba uko sawa ni kuwa 62% inakaribiana na asilimia ya kipindi kilichopita. Stoki ya kuanzia peke yake ilikuwa 60%. Kupanda kidogo kunaelezeka: manunuzi mapya yaligharimu zaidi. Ingetoka 52% au 75%, ungepaswa kusimama na kutafuta ankara iliyoingizwa bila bei yake ya lebo, au kinyume chake.

## Hatua ya 5: Shuka chini ya mstari

Kuanzia hapa unafanya kazi kwenye safu ya bei ya kuuzia peke yake. Swali la safu hiyo ni moja tu: kwenye zile lebo za 2,800,000, ni lebo za kiasi gani zimetoka?

| | Bei ya kuuzia |
|---|---|
| Jumla kutoka juu | 2,800,000 |
| Punguzo halisi | (140,000) |
| Mauzo, baada ya kutoa yaliyorudishwa | (1,850,000) |
| Punguzo la kupatana bei | (60,000) |
| Punguzo la wafanyakazi | (10,000) |
| Upungufu wa kawaida, makadirio | (40,000) |
| Stoki ya mwisho kwa bei ya kuuzia | 700,000 |

Mauzo yalikuwa 1,895,000 na wateja wakarudisha viatu vya 45,000.

### Kupatana bei, tundu kubwa kuliko yote

Vitabu vya uhasibu viliandikwa vikifikiria duka ambalo bei ya lebo ndiyo bei anayolipa mteja. Eastleigh si hivyo. Mteja anasoma 2,320, anasema "boss, nipunguzie," na mnaafikiana 2,030. Ukiondoa kodi, lebo ilikuwa 2,000 na mauzo ni 1,750.

Kiatu kimeondoka rafuni na lebo yake yote ya 2,000. Daftari la mauzo limeondoa 1,750. Shilingi 250 zimebaki kwenye hesabu kama stoki, na hakuna kiatu nyuma yake. Ukifanya hivyo mara kadhaa kwa siku, kwa miezi mitatu, una rafu nzima ya viatu hewa.

Katika mfano wetu, kama zile 60,000 zisingeandikwa, stoki ya mwisho ingesomeka 760,000. Kwa asilimia ya 62 hiyo ni 471,200 badala ya 434,000. Faida ingeonekana kubwa kwa 37,200 ambazo hazipo.

Tiba yake ni rahisi lakini inataka nidhamu. Kila mauzo yaandikwe na tarakimu mbili, bei ya lebo na bei iliyolipwa. Mashine ya mauzo ikiwa na sehemu ya kuandika punguzo, itumie badala ya kubadilisha bei moja kwa moja. Ukibadilisha bei, alama ya kilichotoka hupotea. Ankara ya eTIMS ikionyesha kiasi kilicholipwa tu, weka daftari la pembeni.

Usiliandike punguzo hili pamoja na punguzo la rafu. Yote mawili yako chini ya mstari na hayagusi asilimia, kwa hiyo jibu la mwisho ni lilelile, lakini punguzo la rafu linakuambia kiatu hakipendwi, na la kupatana linakuambia muuzaji analegea au lebo ilipangwa juu mno. Mwenye duka anahitaji kuyaona kila moja peke yake.

Punguzo la wafanyakazi hufuata mantiki ileile. Mfanyakazi amelipa pungufu, lakini kiatu kimetoka kizima.

### Upungufu wa kawaida

Wizi mdogo, jozi iliyopoteza mguu mmoja, kiatu kilichokwaruzwa kikatupwa. Kadiria kutokana na hesabu za rafu za nyuma, kama sehemu ya mauzo. Hapa tumetumia 40,000, kidogo zaidi ya 2% ya mauzo. Duka lisilowahi kuhesabu rafu halina msingi wa kukadiria, na kubahatisha asilimia uliyosikia kwa jirani ni sawa na kutokuweka chochote.

## Hatua ya 6: Geuza kuwa gharama

Zidisha 700,000 kwa 0.62. Stoki ya mwisho kwa gharama ni 434,000.

Gharama ya viatu vilivyouzwa ni 1,736,000 kutoa 434,000, yaani 1,302,000. Mauzo ya 1,850,000 kutoa hiyo yanaacha faida ghafi ya 548,000, kama 29.6% ya mauzo. Ulipanga bei ukitarajia 38%. Pengo linaelezwa na punguzo la rafu, kupatana, wafanyakazi na upungufu, jumla 250,000, na hayo yote yako kwenye jedwali, mstari kwa mstari.

Ungetumia ile asilimia ya 65.26 stoki ingekuwa takriban 456,842. Tofauti ya 22,842 inatokana na mahali ulipoliweka punguzo tu, mauzo na viatu vikiwa vilevile.

Ukitumia jedwali la kompyuta, weka gharama safu ya B na bei ya kuuzia safu ya C. Mistari ya 2 hadi 6 iwe ile ya Hatua ya 3 kwa mpangilio wake, mali iliyorudishwa ikiandikwa kwa alama ya kutoa. Mstari wa 9 ni punguzo halisi, wa 10 mauzo, wa 11 kupatana na wafanyakazi pamoja, wa 12 upungufu.

```
B7:  =SUM(B2:B5)
C7:  =SUM(C2:C6)
B8:  =B7/C7
C13: =C7-SUM(C9:C12)
B14: =C13*B8
```

Usiikate asilimia kuwa tarakimu mbili wewe mwenyewe. Hapa imetoka 0.62 kamili kwa sababu nimeitengeneza. Kwako itakuwa na mkia mrefu, na mkia huo ukizidishwa kwa mamilioni ni pesa.

## Hatua ya 7: Hesabu rafu na urekebishe

Makadirio hayachukui nafasi ya kuhesabu. Uzuri wa njia hii ni kwamba wakati wa kuhesabu huhitaji ankara: unasoma lebo tu, unajumlisha, unagawanya kwa 1.16.

Tuseme tarehe 31 Machi jioni lebo za kitengo chetu zimetoa 685,000 bila kodi. Kabla ya kutoa makadirio ya upungufu, vitabu vilisema 740,000. Upungufu wa kweli basi ni 55,000, si 40,000. Badilisha mstari wa 12. Stoki ni 685,000 mara 0.62, yaani 424,700, na shilingi 9,300 zaidi zinaingia kwenye gharama.

Hesabu baada ya kufunga, au kabla ya kufungua. Mauzo yaliyofanywa katikati ya kuhesabu yataharibu kila kitu. Pia hakikisha lebo zilizosomwa ni za bei ya sasa. Kama ulitangaza punguzo lakini kijana hakubadilisha lebo za sanduku la nyuma, zile zitahesabiwa kwa bei ya zamani.

Pengo likiwa kubwa, kagua kwa mpangilio huu kabla ya kumshika mtu shati: kupatana bei kusikoandikwa, punguzo la rafu lisiloandikwa, mali iliyorudishwa kwa msambazaji bila hati, kisha wizi. Hesabu ya rafu ikizidi vitabu, tafuta kinyume chake, yaani nyongeza isiyoandikwa, mauzo yaliyoingizwa mara mbili, au mzigo uliopokewa kabla ya ankara kufika.

## Hatua ya 8: Mwisho wa mwaka, itazame rafu ya bei ya chini peke yake

Kanuni ya kimataifa IAS 2 inakubali njia ya rejareja mradi jibu likaribiane na gharama halisi, na inataka asilimia itakayotumika izingatie mali iliyoshushwa chini ya bei yake ya kwanza. Kisha inadai stoki ithaminiwe kwa kilicho kidogo kati ya gharama na kile utakachobaki nacho ukiiuza, baada ya kutoa gharama za kuuza. Toleo la kanuni hizo la biashara ndogo na za kati lina matakwa yanayofanana.

Rudi kwenye jozi ile ya 800. Tuliithamini 480. Lakini iligharimu 600, na itauzwa 800. Haijaleta hasara yoyote. Imepunguza faida tu. Kwa kanuni hizo hakuna sababu ya kuishusha chini ya 600.

Kama Machi ndio ungekuwa mwisho wa mwaka wetu wa hesabu, ningeitenga rafu ya bei ya chini. Lebo zake ni 180,000 kati ya zile 685,000, na kwa 62% imethaminiwa 111,600. Ankara zinaonyesha viatu hivyo viligharimu 135,000. Tukitarajia kuviuza 180,000 na kutumia 5,000 kuvitoa, tutabaki na 175,000, zaidi ya gharama. Thamani yake sahihi ni 135,000. Zilizobaki, 505,000 kwa 62%, ni 313,100. Jumla ni 448,100.

Hali ingekuwa nyingine kama soko limevikataa viatu hivyo na hutarajii kupata zaidi ya 100,000 baada ya gharama za kuuza. Hapo unaandika 100,000, hata kama lebo bado inasema 180,000. Lebo ni matumaini ya mwenye duka.

Rafu ya punguzo ikiwa ya kudumu, ifanye kitengo chake. Kila kiatu kinachohamia huko kitoke kwenye kitengo cha zamani kwa gharama na kwa bei, na kiingie kipya kwa vyote viwili. Kazi inaongezeka kidogo mwanzoni, lakini mkaguzi hatakuwa na swali la kukuuliza hapo.

Njia utakayoichagua mwaka huu itumie na mwaka ujao. Kuhama kati ya 62% na 65.26% kila faida inapohitaji kusukumwa ni jambo ambalo mkaguzi huligundua mapema.

## Hatua ya 9: Fungua kipindi kipya

Robo ya Aprili inaanza na safu zote mbili. Kwa hesabu za kawaida, gharama ni 424,700 na bei ya kuuzia ni 685,000, ile iliyohesabiwa rafuni na si 700,000 za makadirio. Ukiwa umefanya marekebisho ya Hatua ya 8, anza na 448,100 upande wa gharama.

Bei za sasa za lebo ndizo sasa bei za kwanza. Kiatu kilichoshushwa kutoka 2,000 hadi 1,800 kinaingia Aprili na bei ya mwanzo ya 1,800. Kikirudi 2,000 mwezi Mei, hiyo ni nyongeza ya 200, si kufuta punguzo la robo iliyopita. Chora mstari kwenye daftari la mabadiliko ya bei, andika tarehe, na ukurasa unaofuata uanze na orodha ya lebo kama zilivyosomwa usiku wa kuhesabu.